Krimu ya limao juu ya mvuke: namna ninavyotambua kwamba imeiva

Kwa miezi mingi baada ya kuanza kupika keki za kuuza hapa Arusha, krimu yangu ya limao ilikuwa haishiki. Ninazungumzia ile krimu laini ya njano inayopikwa kwa mayai, sukari, maji ya limao na siagi, ambayo hupakwa katikati ya keki au kumiminwa ndani ya vikombe vya unga vilivyookwa. Ilikuwa na ladha nzuri, lakini nikiipaka kati ya matabaka mawili ya keki ilitiririka pembeni. Mama mmoja aliyeniagiza keki ya kipaimara cha mwanawe alinipigia simu jioni ile na kuniambia kwa upole, “Mwanangu, keki ni tamu, ila hiyo ya katikati imekimbia yote kwenye sinia.” Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa nimepima joto kwa kipimajoto, na kipimo kilikuwa sahihi, au ndivyo nilivyoamini.

Kosa langu lilianzia siku niliponunua kipimajoto hicho. Niliwahi kusoma kwamba njia ya kukihakiki ni kukitumbukiza katika maji yanayochemka, na kwamba kinapaswa kusoma nyuzi 100. Changu kilisoma 95. Nikahitimisha kwamba kina upungufu wa nyuzi 5, na tangu siku hiyo nikawa ninaongeza 5 katika kila nilichokisoma. Krimu ya limao huhitaji kufika nyuzi 77 hadi 80 hivi, kwa hiyo kipimajoto kiliposoma 74 mimi nilihesabu 79 na kuitoa jikoni nikiwa na amani kabisa, kumbe ilikuwa 74 kweli. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hata Moshi, ulio chini zaidi, hayafiki 100, bali huchemka karibu na 97. Kipimajoto changu hakikuwa na kasoro yoyote. Anayeishi huku milimani na anataka kukihakiki atumie barafu: aiponde, aijaze katika glasi, aongeze maji kidogo, akoroge, kisha asubiri dakika mbili au tatu. Hapo kinapaswa kusoma 0, uwe Arusha au Tanga.

Baada ya kugundua hilo nilisahihisha hesabu, lakini pia niliamua kujifunza kuisoma krimu yenyewe kwa macho na kwa mkono, kwa sababu betri huisha na kipimajoto huvunjika. Haya ndiyo ninayotaka kuyaeleza kwa utulivu.

Kwanza vipimo vyangu. Ninatumia mililita 150 za maji ya limao yaliyochujwa, ganda la njano la malimao mawili lililokwaruzwa bila kugusa sehemu nyeupe iliyo chungu, gramu 200 za sukari, mayai mazima 2, viini 4 na gramu 100 za siagi halisi ya maziwa iliyokatwa vipande vidogo. Mayai hayo ni ya kisasa, ambayo bila ganda huwa na gramu 50 hivi kila moja. Ukitumia ya kienyeji, ambayo yale ninayoyapata mimi katika Soko la Kilombero mara nyingi hayafiki gramu 40, ongeza yai moja zima na kiini kimoja, la sivyo utangoja unene ambao hautakuja. Rangi pia isikudanganye: viini vya mayai ya kisasa mara nyingi huwa vimefifia, na krimu yake itakuwa ya njano hafifu hata ikiwa imeiva vizuri kabisa.

Jambo la chombo ni zito kuliko watu wanavyodhani. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya limao huila alumini, hivyo krimu hugeuka kijivujivu na kuwa na ladha ya chuma. Sufuria ya alumini ibaki chini ikishika maji tu. Krimu ipikwe katika bakuli la kioo kinachostahimili joto au la stili isiyoshika kutu, pana kiasi cha kukaa juu ya mdomo wa sufuria bila kutumbukia. Ninaweka maji ya kina cha sentimita 3 hivi, ninahakikisha kitako cha bakuli hakiyagusi, na ninapunguza moto wa gesi hadi maji yatoe viputo vidogo vidogo tu. Kinachopika ni mvuke. Kwa jiko la mkaa ninaondoa baadhi ya makaa au ninayafunika kwa jivu kabla ya kuanza, kwa maana ukishaanza kukoroga huna mkono wa kushughulikia moto.

Mayai na sukari huchanganywa kwanza, na maji ya limao hufuata papo hapo. Usiweke sukari juu ya viini kisha ukaenda kukamua malimao, kwani sukari huvuta maji ya kiini na kuacha vidonge vidogo vigumu ambavyo havitayeyuka tena. Mchanganyiko ukishakuwa sawa ninaongeza ganda lililokwaruzwa, ninaliweka bakuli juu ya mvuke, na kuanzia hapo siachi kukoroga, nikipitisha mwiko wa mpira kwenye kitako na pembeni, mahali ambapo yai huganda kwanza.

Kwa dakika nne au tano za mwanzo hutaona kitu, na hapa ndipo wengi huongeza moto kwa kukosa subira. Krimu ni nyepesi kama maji ya matunda, na juu yake kuna povu la viputo vikubwa. Protini za yai zinaanza kulegea na kufunguka, lakini bado hazijashikana, kwa sababu sukari na maji mengi ya limao yanazitenganisha. Kiini kikiwa peke yake huanza kuganda kwenye nyuzi 65 hadi 70, ila katika mchanganyiko huu hakina budi kupanda zaidi.

Dalili ya kwanza ninayoitegemea ni povu kutoweka. Viputo vikubwa huwa vidogo, kisha juu ya krimu hubaki uso laini unaong’aa, na mwiko unaanza kuwa mzito kidogo mkononi. Krimu yangu iliyokimbia kwenye sinia la yule mama niliitoa hapa hapa. Inavutia kuitoa, kwa sababu imebadilika waziwazi na unaogopa isikatike, lakini bado haijafika. Inahitaji dakika nyingine mbili au tatu.

Dalili ya pili ni njia ya mwiko. Pitisha mwiko katikati ya bakuli hadi uone kitako: mwanzoni krimu hujifunga mara moja, na inapokaribia kuiva kitako huonekana kwa kitambo kifupi kabla ya kufunikwa. Hapo ninainua mwiko, ninaugeuza, na ninachora mstari kwa kidole mgongoni mwake. Ikiwa krimu iliyo juu ya mstari inateremka na kuufuta, haijawa tayari. Ikiwa mstari unabaki na kingo zilizo wazi hata nikiusimamisha mwiko wima, basi imeiva. Kipimajoto kisicho na kasoro, na kisichoongezewa chochote, hukuta hapo nyuzi 77 au 78. Kwa vipimo vyangu muda wote huwa dakika 10 hadi 12, ingawa dakika si kigezo, kwa kuwa bakuli nene la kioo hukawia kupata joto kuliko la stili.

Ninaomba msomaji ashike jambo hili kuliko mengine: wakati huo krimu haifanani na ile unayotaka kuila. Huwa kama uji mwepesi wa mgonjwa, na ukiitazama utaona haiwezi kubeba tabaka la keki. Siagi bado haijaingia, na siagi ikishapoa huganda na kuikaza krimu yote. Nilipoacha kosa la kuitoa mapema niliangukia kosa la pili, la kungoja jikoni hadi iwe nzito kama mtindi. Ilifika kweli, na ndani ya nusu dakika ikaanza kuonyesha chembe nyeupe pembeni, kwa sababu protini zilizoshikana kupita kiasi hujikaza na kuyakamua maji yaliyokuwa ndani yake.

Ukiwa na wasiwasi, weka sahani ndogo kwenye friji kabla ya kuanza. Dondosha krimu nusu kijiko juu yake, ondoa bakuli kwenye mvuke huku ukisubiri dakika moja, kisha inamisha sahani. Ikitiririka kama maji, rudisha bakuli jikoni. Ikisogea polepole kwa pamoja, umemaliza.

Kuimaliza ni kuitoa kweli. Bakuli lililopashwa joto huendelea kupika hata likiwa mezani, kwa hiyo ninaimimina krimu papo hapo kupitia chujio laini kwenye bakuli lingine la baridi. Chujio hushika ganda la limao, zile nyuzi nyeupe za yai, na chembe zozote zilizowahi kuganda. Kisha ninaongeza siagi vipande vichache vichache nikikoroga, na siagi hiyo baridi huishusha joto na kuuzima mpiko. Ninafunika kwa plastiki inayogusa uso wa krimu ili isifanye ngozi, na ninaiacha ndani ya friji kwa saa nne au usiku mzima kabla ya kuigusa keki.

Ikitokea kwamba asubuhi bado ni nyepesi, hujapoteza kitu. Irudishe juu ya mvuke, ikoroge hadi mstari wa kidole ubaki, kisha ipoze tena. Siagi iliyomo haitaidhuru, ila utakoroga kwa muda mrefu kidogo. Chembe zikianza kuonekana ukiwa jikoni, toa bakuli mara moja, kitako chake kikalishe ndani ya maji ya baridi, koroga kwa nguvu na uchuje. Utapoteza vijiko viwili vitatu na kilichobaki kitakuwa laini. Lakini ikiwa imekatika yote, maji upande wake na mabonge upande wake, na inanuka yai lililochemshwa, mashine ya kusagia itailainisha bila kuiondolea harufu hiyo. Ya namna hiyo mimi simpelekei mteja. Ninakamua malimao mengine.