Saa za gereji: maswali na majibu

*Chuo kinataka saa 600 za ufundi wa magari, Mei hadi Oktoba. Naingia gereji saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Si niandike saa tisa kila siku kwenye kitabu cha mafunzo?* (Jinja)

La. Toa saa ya chakula, toa na muda wa kukaa kwenye benchi mkisubiri spea itoke Kampala. Gereji nyingi zitakuachia kama saa tano za mikono kwenye gari. Kwa siku tano hizo ni saa 25 kwa wiki, basi 600 zinataka wiki 24. Muda wako ni wiki 26, yaani una akiba ya siku kumi za kazi. Sikukuu za tarehe zisizobadilika zikiangukia siku za kazi, zitakula nne: Mei Mosi, Mashahidi tarehe 3 Juni, Mashujaa tarehe 9 Juni, na Uhuru tarehe 9 Oktoba. Malaria ikikulaza wiki moja, unabaki na siku moja. Omba Jumamosi mapema, usingoje Septemba. Na mkaguzi akikuta saa tisa hata kwa tarehe 9 Juni, siku ambayo gereji ilifungwa, kurasa zote zilizobaki atazisoma kwa jicho lingine.

*Bosi anasema niandike "breki" tu, inatosha. Kweli?* (Mbale)

Haitoshi, maana hata aliyeshika tochi tu anaweza kuandika "breki". Andika hivi: "Toyota Ipsum, pedi za mbele, saa 2 na nusu. Nimefungua kalipa, nimepima unene wa diski na kulinganisha na kipimo cha chini kilichochapwa juu yake. Nimerudisha pistoni nikiangalia mafuta ya breki yasimwagike. Nimekanyaga pedali mpaka ikawa ngumu kabla gari halijasogea. Fundi amekagua." Hiyo ya pedali ndiyo inayoonyesha kwamba ulikuwepo. Kama ulitazama tu, andika "nimetazama", na usiziingize saa hizo kwenye jumla mpaka chuo kikuruhusu.

*Fundi mkuu ameahidi kusaini zote mwezi wa mwisho.* (Arua)

Mpelekee kitabu kila Ijumaa kabla hajanawa mikono. Mafundi huhama bila kuaga, na akishahamia Juba utamfuata? Tena sahihi za miezi sita zilizopigwa kwa kalamu moja, kwa wino mmoja, zinajulikana hata kwa asiye mkaguzi. Piga picha kila ukurasa uliosainiwa. Vitabu vya gereji hunywa oili.

*Nimefika saa 310, lakini karibu zote ni breki na kubadilisha oili. Kuna shida?* (Mukono)

Ipo, ikiwa kitabu chako kimegawa saa kwa aina ya kazi. Saa 80 za ziada kwenye breki hazifidii umeme wa gari usioushika. Zijumlishe leo, kila aina peke yake, umwonyeshe bosi safu iliyo tupu. Gereji yake ikiwa haifanyi umeme, mwambie mwalimu wako wa chuo akutafutie nafasi kwa fundi waya, na huyo fundi waya ndiye asaini saa zake mwenyewe.