Ripoti imeshatumwa na ina kosa

"Nimeshamtumia bosi ripoti ya makontena ya Julai, kumbe jumla si sawa. Nitume nyingine kimyakimya?"

— La. Atabaki na faili mbili zisizojulikana ipi ndiyo. Jibu juu ya barua pepe ileile, kwa wote walioipokea, namba zitangulie: "Jumla ya Julai ni makontena 503, si 486. Fomula iliishia tarehe 30, ikaacha 17 ya tarehe 31. Wastani wa siku ni 16.2, si 15.7. Jedwali la Juni halijabadilika. Samahani kwa usumbufu." Ambatisha faili iliyosahihishwa.

— Na ubadilishe kichwa kiwe MASAHIHISHO.

— Ukikibadilisha, Gmail huanzisha mazungumzo mapya. Neno hilo liweke kwenye jina la faili.

— Mimi yangu ilishafika kwa mteja, jamani!