Moto wa mkaa na tui la nazi: jinsi ninavyoupunguza kwa wakati

Wengi huamini kwamba jiko la mkaa lina hali mbili tu, kuwaka na kuzimika, na kwamba moto wa taratibu ni wa wenye gesi. Mimi sikubaliani nao. Moto wa mkaa hudhibitiwa kwa wingi wa makaa, kwa hewa inayoingia kupitia mlango wa chini, na kwa majivu yanayoyafunika. Tofauti na gesi, hauitiki papo hapo, kwa hiyo mpishi huanza kuupunguza kabla ya kuuhitaji mdogo. Nitaeleza kwa maharage ya nazi, kwa kuwa chakula hiki hutaka moto wa aina tatu.

Kwanza ni moto mkali. Kwa nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kubadilishwa maji, ninajaza jiko, ninaacha mlango wazi, na sibandiki sufuria mpaka makaa yaache kutoa moshi na kuanza kuvaa majivu pembeni. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haiharibiki kwa maji ya moto yasiyochemka, hata yakikaa jikoni muda mrefu, kwa hiyo ninayaacha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi. Baada ya hapo ukali huo hauna faida. Maji yanayochemka hayazidi nyuzi joto 100 hapa pwani, na Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemkia karibu na 95. Ukiongeza makaa unakausha maji tu, huivishi haraka zaidi. Ninafunga mlango nusu, ninafunika sufuria na kuacha upenyo mdogo, na maharage yanaendelea kutokota hadi yalainike.

Yakiiva, ninayaepua na kukaanga vitunguu kwenye sufuria nyingine. Makaa yamekwisha kupungua, lakini yamekusanyika katikati, na hapo ndipo vitunguu huungua. Ninayatawanya kwa koleo yaenee jiko zima, kisha ninatia kipande kimoja cha kitunguu ndani ya mafuta: kikizungukwa na mapovu madogo yenye sauti ndogo, moto unafaa, kikirusha mafuta na kubadilika rangi pembeni huku katikati kikiwa bado kibichi, moto umezidi. Hapo usihangaike na mlango, kwa maana utachelewa. Nyanyua sufuria juu ya jiko kwa muda mfupi, na hiyo ndiyo njia pekee ya mkaa inayofanya kazi mara moja. Vitunguu vikilainika ninatia nyanya, na zikivurugika ninarudishia maharage pamoja na tui jepesi, ambalo huvumilia kuchemka kwa wastani.

Tui zito halivumilii. Mafuta yake yameshikamana na maji kwa msaada wa protini, nazo zikichemshwa kwa nguvu huganda, mafuta yakajitenga, na mchuzi ukabaki na chembe nyeupe kama maziwa yaliyokatika. Kabla ya kulitia ninafunga mlango kabisa na kunyunyiza majivu juu ya makaa mpaka wekundu uonekane kwa nyufa tu. Kama jiko lako lina udongo ndani, funga mlango dakika kadhaa mapema zaidi kuliko lile la bati tupu, kwa kuwa udongo huendelea kutoa joto uliohifadhi. Kisha tia tui, koroga polepole bila kufunika, na uepue pale mapovu yanapoanza kutokea moja moja ukingoni. Ukiona chembe za kwanza, epua mara moja. Zilizokwisha kujitenga hazirudi, lakini tui lililobaki utaliokoa.

Jambo moja lisipuuzwe: mkaa uliobanwa hewa hutoa kwa wingi zaidi gesi yenye sumu isiyo na harufu, kwa hiyo jiko lililofunikwa majivu lisiingizwe katika chumba kilichofungwa eti kwa kuwa limepoa.

Kwa wenye mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake, taabu ni nyingine. Mwali hupungua upesi, lakini hujikusanya katikati ya kitako cha sufuria, na tui huchemka hapo huku pembeni kumetulia. Mimi huweka kikaango kizito cha chapati kati ya mwali na sufuria ili joto lisambae, ingawa nacho huchelewa kupoa, kwa hiyo ninapunguza gesi mapema. Mwali mdogo huzimwa na upepo kwa urahisi, na gesi ikaendelea kutoka. Hamishia jiko mahali pasipo upepo lakini penye hewa, na usiuzungushie mtungi mabati ya kukinga, kwani joto litarudi kwenye mtungi wenyewe.