Mkataba wa ruzuku: tarehe za ripoti zinahesabiwa

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mhasibu pekee kwenye shirika letu dogo hapa Pangani. Tumepata ruzuku ya Umoja wa Ulaya ya miezi 24, na mkataba umekuja na viambatisho vingi. Mkurugenzi anataka karatasi moja yenye tarehe za ripoti, mistari ya bajeti na gharama zinazokubalika. Nimesoma mara mbili sijaona tarehe ya ripoti hata moja. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, mdogo wangu. Hukuziona kwa sababu hazimo. Mikataba hii hutaja siku au miezi kadhaa baada ya tukio fulani, halafu inakuachia wewe kuhesabu. Kwa hiyo kabla ya ripoti, litafute tukio lenyewe.

Fungua sehemu fupi ya mwanzo yenye kichwa `Special Conditions`, uende kifungu cha 2. Soma sehemu hiyo kabla ya nyingine yoyote, maana ikipingana na kiambatisho, yenyewe ndiyo inayoshinda. Kifungu hicho kinasema utekelezaji unaanza lini, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mkataba mmoja utasema siku inayofuata sahihi ya mwisho. Mwingine utasema siku ya kwanza ya mwezi unaofuata ule ambao malipo ya kwanza yalifanyika. Kati ya hizo mbili panaweza kuwa na mwezi mzima na zaidi.

Tuseme wa kwenu ni wa aina ya pili. Sahihi ya mwisho iliwekwa 14 Machi 2025, fedha zikalipwa 9 Aprili. Utekelezaji unaanza 1 Mei 2025, wala si Machi, na miezi 24 inaisha 30 Aprili 2027. Mishahara mliyolipa kwa kazi ya Aprili iko nje ya mradi, hata kama mkataba ulishasainiwa na hela ilishaingia benki.

Kifungu hicho hicho kina kipindi cha pili ambacho ni kirefu zaidi: muda wa mkataba wenyewe, unaokwenda hadi malipo ya mwisho, na unaweza kufika miezi 18 baada ya utekelezaji kwisha. Usiupeleke kwa mkurugenzi kama muda wa kutumia fedha. Ni muda wa kufunga hesabu na kudaiana.

Ripoti sasa zinapatikana kwa hesabu. Ruzuku yenu ikiwa inazidi euro 100,000, kwa kawaida kipindi cha ripoti ni miezi 12, na ripoti ya kati au maelezo ya kuchelewa kwake yanatakiwa ndani ya siku 60 baada ya kipindi hicho. Ripoti ya mwisho ni ndani ya miezi mitatu baada ya utekelezaji. Wenye makao makuu nje ya nchi ya mradi hupewa miezi sita, ila ninyi mko Pangani na mradi uko Pangani, kwa hiyo mitatu. Weka siku ya kuanza kwenye seli B2 ya lahajedwali, na fomula hizi katika B3 hadi B6:

```
B3  =EDATE(B2,12)-1
B4  =B3+60
B5  =EDATE(B2,24)-1
B6  =EDATE(B5,3)
```

B3 ni mwisho wa kipindi cha ripoti, B4 ripoti ya kati, B5 mwisho wa utekelezaji na B6 ripoti ya mwisho. Kwa mfano wetu B4 itatoa 29 Juni 2026 na B6 itatoa 30 Julai 2027. Angalia kwamba siku 60 si miezi miwili. Ukihesabu kwa miezi utapata 30 Juni, na umeshachelewa siku moja. Faida ya fomula ni kwamba mkiongezewa muda kwa nyongeza ya mkataba, unabadilisha ile 24 ya B5, na B6 inajipanga upya yenyewe. Pembeni ya kila tarehe nakili maneno ya mkataba yalivyo, pamoja na namba ya kifungu, ili mtu akibisha umwoneshe bila kutafuta upya. Ukimaliza, bonyeza Ctrl+F na utafute `within`, `no later than` na `prior` katika nyaraka zote. Hilo la mwisho litakuonesha yale yanayohitaji ruhusa kabla ya kufanyika, ambayo hayako kwenye ratiba yoyote.

Gharama zinazokubalika zimo kwenye masharti ya jumla, kifungu cha 14, na nazo zinafungwa na tarehe zile zile mbili, B2 na B5. Huduma lazima iwe imefanyika ndani ya kipindi. Kifaa lazima kiwe kimefika na kufungwa ndani ya kipindi. Kusaini oda tu hakutoshi. Nililijua hili kwa uchungu. Shirika nililokuwa nalifanyia kazi liliagiza pikipiki mbili mwezi wa mwisho wa mradi, likalipa zote, mzigo ukafika siku tisa baada ya kipindi kwisha. Ankara ilikuwa na tarehe nzuri, risiti nzuri, lakini mkaguzi aliomba hati ya kupokelea mzigo, na gharama yote ikakataliwa. Tulilipa kutoka akiba yetu ambayo ilikuwa ya kodi ya ofisi. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mkurugenzi weka tarehe yako mwenyewe ya mwisho wa kuagiza vifaa, angalau miezi mitatu kabla ya B5.

Malipo ni jambo jingine. Gharama iliyotokea ndani ya kipindi inaweza kulipwa baadaye, mradi iorodheshwe kwenye ripoti ya mwisho pamoja na tarehe mnayotarajia kuilipa. Na gharama za kuandaa ripoti ya mwisho, ukaguzi na tathmini ya mwisho zinaruhusiwa kutokea baada ya kipindi. Hasara ya kubadilisha fedha haikubaliki kabisa, kwa hiyo shilingi ikiyumba, pengo ni lenu.

Kwenye bajeti, usinakili mistari yote. Nakili vichwa vikuu, yaani wafanyakazi, safari, vifaa na kuendelea, kisha ongeza safu moja yenye asilimia 25 ya kila kichwa. Ndani ya kichwa kimoja mnaweza kuhamisha fedha na kuwajulisha kwa maandishi, mwisho wake ripoti inayofuata, ikiwa matokeo ya mradi hayaguswi. Kati ya vichwa, badiliko lisizidi asilimia 25 ya kiasi cha awali kwa kila kichwa kinachohusika. Tuseme wafanyakazi wana euro 48,000 na safari 12,000, nanyi mnataka kupeleka 4,000 kwenye safari. Kwa wafanyakazi ni asilimia 8 na kitu, hakuna tatizo. Kwa safari ni theluthi nzima, na hapo mnahitaji nyongeza ya mkataba. Kichwa kidogo ndicho kinachoamua, na kwa safari mwisho wake ni 3,000. Kumbuka pia kwamba kipimo ni kiasi cha awali: mkishahamisha 2,000 mwaka wa kwanza, mmebakiwa na 1,000. Kichwa cha gharama zisizo za moja kwa moja, ambacho hakizidi asilimia 7, hakiguswi kwa njia hii.

Karatasi ikikamilika, usiipeleke kwa mkurugenzi bado. Mwandikie barua pepe afisa anayesimamia mkataba wenu, umtajie B2 na B5 ulivyozihesabu, umwombe athibitishe kwa maandishi. Jibu lake lichapishe ulifunge kwenye faili pamoja na mkataba.