Maswali na majibu: Umeme unapoingia kwenye nyumba mpya

Fundi wangu anasema avute kebo mwenyewe mpaka kwenye nguzo, ili Tanesco wakija wawashe tu. Nimkubalie? (Nzuguni)

Usimkubalie. Kebo inayotoka nguzoni na mita yenyewe ya LUKU ni kazi na mali ya Tanesco, nao wakishafunga wanaweka lakiri. Wewe na fundi wako mnaanzia pale waya zinapotoka kwenye mita: swichi kuu, DB yaani boksi la breka, ethi na waya za ndani. Awe mwenye leseni ya EWURA ya kufunga umeme. Amalize upande huo wote na kuupima, kisha aache waya mbili za kuunganishwa kwenye mita, laivu na nyutro, ndefu za kutosha, zikiwa zimewekwa alama na ncha zake zimefunikwa. Upande wa nguzo hakuna swichi ya kuzima iliyo mikononi mwenu. Anayegusa pale anagusa transfoma ya mtaa mzima.

Waya wa kutoka mita kwenda DB uwe saizi gani? Fundi mmoja kasema 6, mwingine 10, wa tatu 16. (Nala)

Umeniandikia vyombo vyako, kwa hiyo tuhesabu. Hita ya kuogea ya wati 5,500 ukigawa kwa volti 230 inavuta ampea 24. Jiko la wati 3,000 ni ampea 13. Pampu ya kisima, friji, taa na televisheni viweke ampea 9 au 10. Vikikutana jioni moja ni kama ampea 46.

Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba uliopita kwenye paipu ndani ya ukuta unabeba kama ampea 40, na kwenye joto la Oktoba unapungua kidogo. Huo uuache. Wa 10 unabeba karibu 55, kwa hiyo unatosha ukiwa na breka kuu ya 50. Ukifunga breka au fyuzi ya 63, basi waya uwe 16, kwa sababu kinga lazima ikate kabla waya haujaumia.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Swichi kuu isiyo na fyuzi wala breka ndani yake inazima na kuwasha tu. Haikingi chochote. Kama mita yako iko kwenye ukuta wa uzio na DB iko ndani mita 20 mbele, kinga iwekwe kwenye uzio, mwanzo wa ule waya mrefu. Ikiwekwa ndani peke yake, jembe likikata waya bustanini hakuna kitu chako kitakachokata umeme.

Kiwanja changu ni kichanga na mawe. Fundi kapigilia ethi rodi moja ya futi nne, kasema inatosha. Nitajuaje kama kweli inatosha? (Iyumbu)

Kwa kupima, tena kwa kipimo cha ethi chenye vijiti viwili vya pembeni. Taa ya kujaribia haitakwambia kitu. Na upime mwezi wa Septemba au Oktoba. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na rodi iliyosoma vizuri Februari inaweza kusoma mara kadhaa zaidi ardhi ikishakauka.

Tuseme yako imesoma omu 80, jambo la kawaida kwenye udongo kama huo. Siku moja kiini cha hita kinapasuka na laivu inagusa bati la nje. Volti 230 ukigawa kwa 80 unapata ampea 2.9. Breka ya hita ni ya 32, na kwake ampea tatu ni mzigo mdogo kabisa, haitakata leo wala kesho. Hita inaendelea kuwaka, na bati lake, pamoja na kila chuma kilichofungwa kwenye ethi ya nyumba, lina volti karibu zote 230. Mtoto aliyelowa maji akigusa chuma hicho, umeme unapita kwake.

Ndiyo maana huku kwetu siiamini ethi peke yake. Kwenye DB weka RCCB ya miliampea 30, swichi inayokata umeme unaovuja. Yenyewe haingoji ampea 32. Ikiona miliampea 30 zimetoka bila kurudi, inakata mara moja, hata kama ethi ni hizo omu 80.

Bado rodi yako iboreshwe. Ongeza ya pili, na umbali kati yake na ya kwanza usipungue urefu wa rodi, ukiweza uwe mara mbili. Ukizibananisha, ya pili haisaidii sana. Kwa mfano wetu, rodi mbili zilizoachana vizuri zitakushusha mpaka karibu omu 45. Ukipata sehemu inayobaki na unyevu, kama jirani na bomba la nje, ichague hiyo. Chumvi wanayomwaga shimoni inashusha kipimo kwa muda, kisha mvua inaiosha na rodi inabaki imeliwa na kutu.

Jambo moja la kukumbuka: kile kitufe cha T kwenye RCCB kinajaribu RCCB yenyewe. Ukikibonyeza itakata hata kwenye nyumba isiyo na ethi kabisa. Hakipimi rodi.

RCCB yangu inaanguka kila nikiwasha taa ya veranda tu. Fundi anataka kuitoa, anasema ni mbovu. (Ihumwa)

Asiitoe. RCCB inalinganisha umeme uliotoka kwenye laivu na uliorudi kwenye nyutro. Kwa dalili hiyo, nyutro ya veranda imefungwa kwenye baa isiyo yake ndani ya DB, kwa hiyo umeme unatoka kupitia RCCB na kurudi kwa njia nyingine. Taa ya LED ya wati 9 inavuta kama miliampea 40, na hizo zinatosha kuiangusha. Fundi azime swichi kuu, ahakikishe kwa tesa kwamba hakuna umeme, kisha aufuate ule waya mmoja na kuuhamishia kwenye baa ya nyutro inayotoka kwenye RCCB.

Ingekuwa inaanguka ovyo, hata breka ndogo zikiwa zimezimwa, ningeshuku nyutro inagusa ethi mahali fulani. Breka hizo zinakata laivu tu, nyutro inabaki imeunganishwa. Hapo inabidi nyutro zitolewe kwenye baa moja moja na kupimwa dhidi ya ethi kwa mega ya volti 500, kile kipimo cha uvujaji wa waya. Iliyo chini ya megaomu 1 ndiyo yenye kasoro.

DB mpya ina harufu ya plastiki inayoungua tukioga jioni. Breka haikati. (Chamwino)

Zima swichi kuu leo, usingoje kesho. Hiyo ni skrubu iliyolegea, au nyuzi za waya zimekatwa ili ziingie kwenye tundu dogo. Breka haikati kwa sababu umeme haujazidi, ila joto liko pale kwenye kiungo. Ampea 40 zikipita kwenye kiungo kibovu cha nusu ya sehemu ya kumi ya omu zinatoa wati 80 mahali padogo kama punje ya hindi. Fundi akifungua atakuta plastiki ya waya imekuwa ya kahawia na shaba imekuwa nyeusi. Kukaza tu hakutoshi: akate mpaka kwenye shaba safi, abadilishe breka au swichi iliyoungua, kisha akaze kila skrubu na kuvuta kila waya kwa mkono. Kama weusi uko kwenye mita, msiguse lakiri. Hiyo ni ya Tanesco, waiteni.