Maswali ya wasomaji: mnunuzi, mtazamaji na aliyepotea, nani apate imeli gani kabla ya Idi

Nauza abaya na kanzu za watoto hapa Mombasa, nina listi ya imeli kama 1,200. Kila Ramadhani natuma imeli moja kwa wote na oda zinazoingia ni chache. Kugawa listi naanzia wapi?

Anzia kwenye oda. Usianzie kwenye ile programu unayotumia kutuma, maana ile inajua nani kafungua imeli lakini pesa nani kakulipa mara nyingi haijui, hasa kama wateja wako wengi wanamalizia oda kwa WhatsApp na kulipa M-Pesa. Kwa hiyo chukua oda zako zote za miaka miwili nyuma uziweke kwenye Google Sheets, shiti moja uiite Oda, safu A imeli na safu B tarehe ya oda. Shiti ya pili iwe listi yako nzima, imeli safu A, halafu safu B inavuta tarehe ya mwisho mtu huyo kununua:

```
=MAXIFS(Oda!B:B,Oda!A:A,A2)
```

Ambaye hajawahi kununua atatoka 0. Safu C weka tarehe ya mwisho aliyokliki linki kwenye imeli zako, hiyo ndio unaitoa kwenye programu ya kutumia imeli. Safu D sasa inagawa yenyewe:

```
=IF(B2>0,IF(TODAY()-B2<=400,"mnunuzi","aliyepotea"),IF(TODAY()-C2<=90,"mtazamaji","kimya"))
```

Mnunuzi ni aliyenunua ndani ya siku 400, aliyepotea ni aliyenunua zamani kuliko hapo, mtazamaji hajawahi kununua ila kakliki ndani ya siku 90, na waliobaki ni kimya. Angalia mpangilio wake, kununua kunatangulia kukliki. Mtu aliyenunua mwezi uliopita na jana akakliki ni mnunuzi, sio mtazamaji, na kila jina linakaa kundi moja tu, la sivyo atapata imeli mbili siku moja zenye maneno yanayopingana. Kitu kinachoharibu hesabu hii mara nyingi ni nafasi tupu mwisho wa imeli, mtu kaandika kwa simu ikaongezeka spesi, basi Sheets inaona ni watu wawili tofauti na mteja wako mzuri anatoka "kimya". Pitisha safu zote mbili za imeli kwenye TRIM kwanza, fomula ya Sheets inayofuta nafasi hizo. Kisha chukua majina kumi ya wateja unaowajua kwa sura uone wameangukia wapi, kama yule mama anayechukua abaya kila msimu katoka "aliyepotea" ujue kuna kitu hakijakaa sawa.

Tuseme kwa listi yako imetoka hivi: wanunuzi 205, waliopotea 135, watazamaji 190, na 670 kimya. Usishtuke na hao 670, listi nyingi ndogo ndivyo zilivyo, na hao sio wa kuandikiwa ujumbe wa msimu. Ntatumia namba hizi hizi kwenye majibu ya chini.

Nimeona watu wanasema mteja akikaa siku 90 bila kununua kashapotea. Ni kweli? Mbona kwangu wanakuwa wengi hivyo?

Kwa biashara yako hapana, na hapa ndipo listi nyingi za msimu zinapoharibika. Siku 90 inafaa kwa kitu kinachoisha, sabuni, kahawa, mafuta ya nywele. Nguo ya Idi mtu ananunua mara moja kwa mwaka, pengine mbili akihesabu Idi ya kuchinja. Ukiweka 90 basi mwezi mmoja kabla ya Idi karibu kila aliyenunua Idi iliyopita anahesabika kapotea, unamwandikia "tumekukumbuka, rudi, hii hapa diskaunti", na yeye hajaenda popote, alikuwa anasubiri msimu ufike kama kawaida yake.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, ndio maana Idi inasogea nyuma kwenye kalenda ya kawaida kama siku 11 kila mwaka, 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, 2025 ikaangukia mwisho wa Machi. Ukituma imeli siku 28 kabla ya Idi, aliyenunua mkesha wa Idi iliyopita ana siku kama 326 tangu anunue, aliyenunua mwanzoni mwa Ramadhani ile ana kama 355, na wale wanaowahi mapema mwezi wa Shabani wanafika 380 na kitu. Hapo ndipo 400 kwenye fomula ilipotoka, inawameza wote wa msimu uliopita na kubakisha nafasi kidogo. Aliyevuka 400 ni mtu aliyeruka msimu mzima bila kununua, huyo kweli kapotea.

Ukiuza vitu vya Krismasi tarehe haihami lakini mantiki ni ile ile, na 400 bado inafanya kazi. Kwa anayeuza kitu cha kuisha, chukua wateja walionunua zaidi ya mara mbili, toa tarehe moja kwenye nyingine upate siku kati ya oda na oda, zipange ndogo hadi kubwa uchukue ile ya katikati, kisha izidishe mara mbili. Kama ya katikati ni siku 40 basi mstari wako ni 80. Wastani usiutumie, mteja mmoja aliyerudi baada ya mwaka anauvuta juu namba nzima ikawa haina maana.

Watazamaji ntawajuaje? Programu yangu inaonyesha waliofungua imeli ni wengi sana lakini hawanunui.

Kufungua achana nako. Tangu Septemba 2021 Apple waliweka kinga ya faragha kwenye programu yao ya Mail, inapakua picha za imeli yenyewe hata kama mtu hajaisoma, na kwa kuwa kufungua kunahesabiwa kwa kapicha kadogo kaliko ndani ya imeli, anayesomea imeli kwenye Mail ya aifoni na kinga hiyo kaiwasha anaonekana kafungua kila kitu. Kliki ndio ya kuangalia, ingawa nayo kuna ofisi zenye mitambo inayokliki kila linki kukagua usalama. Utaitambua kirahisi, linki zote za imeli moja zimeklikiwa ndani ya sekunde chache baada ya kutuma, hiyo sio kliki ya mtu. Juu ya kliki ongeza waliojaza kikapu wakaacha, na waliokuuliza bei WhatsApp kama imeli yao unayo.

Sasa kila kundi naliandikia nini? Naomba mfano, sio nadharia.

Mnunuzi anakuamini tayari, kwa hiyo diskaunti usimpe. Abaya unauza shilingi 4,500 na imekugharimu 3,300, faida yako 1,200, ukipunguza 10% umetoa 450 yani zaidi ya theluthi ya faida, na umempa mtu ambaye angenunua bei kamili. Wakinunua 40 kati ya wale 205 umeacha shilingi 18,000 bure. Anachohitaji mnunuzi ni kuwahi. Mwandikie yeye kwanza, siku tatu nne kabla ya wengine, wakati saizi zote zipo na fundi bado anapokea oda. Na tumia kile ulichonacho kwenye oda yake ya mwaka jana: aliyechukua kanzu ya mtoto wa miaka 4, mtoto huyo sasa ana 5. Kichwa cha imeli kiwe "Kanzu ya Idi iliyopita imeshamkaa fupi?" na ndani umwambie mwisho wa kupokea oda za kushona ni tarehe gani, basi. Imeli fupi kabisa.

Mtazamaji hajakuamini bado, kuna kitu kinamkwaza na mara nyingi sio bei. Ni saizi, anaogopa abaya itaburuta chini, au hajui mzigo utafika Malindi lini, au akituma pesa halafu nguo isimkae itakuwaje. Mjibu hayo kabla hajauliza: picha ya jinsi ya kupima urefu kutoka begani hadi kifundo cha mguu, gharama ya kutuma mji kwa mji, na mwisho wa kubadilisha saizi. Kichwa: "Pima hivi, abaya ikukae sawa". Kama unataka kumpa kitu mpe usafiri wa bure kwa oda ya kwanza, unampunguzia wasiwasi bila kugusa bei.

Aliyepotea ndiye wa kupewa diskaunti, maana bila kitu harudi. Lakini usijifanye kama jana mlikuwa pamoja. Sema ukweli kwamba ni muda mrefu, onyesha kilichobadilika dukani tangu aondoke, mpe punguzo lenye tarehe ya mwisho, na chini weka linki kubwa inayoonekana ya kujitoa. Akijitoa ni afadhali kuliko akuripoti spamu.

Waliopotea nikiwatumia wote kwa pamoja si nitaingia spamu?

Unaweza, ndio. Tangu Februari 2024 Gmail wanataka malalamiko ya spamu yasifike 0.3%, na kwa kundi la watu 135 mmoja tu akibonyeza "ripoti spamu" ni 0.7% ya imeli ulizotuma. Wapange kwa tarehe, tuma kwanza kwa 40 waliopotea karibuni, subiri siku mbili. Zikirudi nyingi kwa sababu anwani hazipo tena, au wakajitoa wengi kuliko waliokliki, simama hapo hapo, waliobaki ni wa zamani zaidi na watakuwa wabaya zaidi. Dalili nyingine ya kuangalia ni kliki za watu wa Gmail peke yao: zikishuka ghafla huku za Yahoo ziko pale pale, imeli zako zimeanza kuingia spamu upande wa Gmail. Waliopotea watumie mwisho, baada ya wanunuzi na watazamaji, ili kama kuna kuharibika kusiwaguse wanaokupa pesa. Na kabla ya yote hakikisha domeni yako ina SPF na DKIM, mipangilio inayoithibitishia Gmail kwamba imeli imetoka kwako kweli.

Mtu akinunua katikati ya kampeni nifanyeje?

Mtoe siku hiyo hiyo. Hakuna kinachoudhi kama kulipa bei kamili Jumatatu halafu Jumatano ukaletewa imeli ya diskaunti ya nguo ile ile. Fomula itamhamisha yenyewe kwenda "mnunuzi" ukiingiza oda kwenye shiti, ila programu ya kutuma haijui mpaka umpakie upya, kwa hiyo kila kabla ya kutuma pakia listi mpya. Waliokwisha kununua msimu huu wape tagi yao, "idi-kanunua", na uwazuie kwenye imeli zote za kuuza mpaka Idi ipite. Kitu pekee cha kuwatumia kabla ya hapo ni taarifa ya mzigo wao uko wapi.