Toa Albumini Kwanza: Majibu kuhusu Ini Linalojishambulia

"Daktari, nina miaka 24. Nimechoka kwa miezi minne na viungo vinauma. ALT ni 286, AST 241, hepataitisi B na C sina. ANA 1:160, kingamwili za misuli laini 1:80, protini jumla 93, albumini 34. Nimeambiwa ini langu linajishambulia. Ni kweli?" (Msomaji wa kike, Mbarara)

Inaelekea kuwa kweli, ingawa shauri halijafungwa, na ushahidi mzito kuliko wote katika karatasi yako ni ule ambao hakuna aliyekueleza. Chukua protini jumla 93, utoe albumini 34: zinabaki gramu 59 kwa lita. Hizo ni globulini, ambazo kwa mtu mzima huwa takribani 20 hadi 35. Nimekwisha kuandika hapa, na nitaandika tena, kwamba maabara zetu huchapa namba zote mbili kwenye karatasi moja, kisha mgonjwa, muuguzi na wakati mwingine daktari mwenyewe hupita bila kufanya hesabu ya kutoa ya darasa la pili. Albumini hutengenezwa na ini, ilhali sehemu kubwa ya globulini zinazopanda namna hii ni kingamwili zinazomwagwa na chembe za kinga. Zinapopanda hivyo kwa msichana ambaye ALT yake, kimeng'enya kinachovujia kwenye damu seli za ini zinapoumia, imezidi kikomo mara saba, kinga yake inafanya kazi kupita kiasi, na ini ndilo linaloumia.

Kuhusu kingamwili zenyewe, ANA ni zile zinazolenga kiini cha seli za mwili wenyewe, na 1:160 maana yake ni kwamba seramu yako, yaani maji ya damu, ilizimuliwa mara 160 na bado ikaitikia. Mwaka 2008 wataalamu wa ugonjwa huu walikubaliana juu ya alama rahisi za kuutambua. Kingamwili za kiwango cha 1:80 au zaidi hupewa alama 2, hata kama ni za aina mbili kama zako, na kukosekana kwa virusi vya hepataitisi hupewa 2. Basi una 4. Alama 6 humaanisha kwamba ugonjwa huu unaelekea kuwepo, na 7 humaanisha kwamba upo. Zilizobaki hutoka kwenye vipimo ambavyo bado hujafanyiwa. Cha kwanza ni IgG, aina ya kingamwili iliyo nyingi kuliko zote katika damu, kwa sababu globulini ya jumla hutuonyesha njia tu na haihesabiwi. Katika maabara nyingi kikomo cha IgG ni karibu gramu 16 kwa lita, na ikikizidi kwa zaidi ya asilimia 10, yaani ikipita 17.6, unaongeza 2. Cha pili ni kipande kidogo cha ini kinachochukuliwa kwa sindano, baada ya kuhakikisha kwamba damu inaganda sawasawa. Mtaalamu akiona limfosaiti na seli za plazma zikiula ukingo wa seli za ini unaopakana na mishipa, utapata alama 1 au 2. Usiikimbie sindano hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayosema kama ini limeanza kufanya makovu. Kati ya watu wazima wanaogunduliwa, karibu theluthi moja huwa tayari wana sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima, na wengi wao hawakuwa wamelalamikia lolote zaidi ya uchovu kama wako.

Kabla ya yote hayo, kuna jambo ambalo hukuliandika, nalo ni dawa ulizokuwa ukimeza. Nitrofurantoini, ambayo wasichana wengi hupewa dukani kwa ajili ya maambukizi ya njia ya mkojo na kuirudiarudia kwa miezi, na minosaiklini ya chunusi, zinaweza kuleta picha hii hii, kingamwili na IgG zikiwemo. Tofauti huonekana baadaye: dawa ikiachwa, mara nyingi ini hupoa na ugonjwa haurudi. Mwambie daktari wako kila kidonge na kila mzizi wa miezi sita iliyopita. Mwombe pia kipimo cha VVU, maana VVU peke yake huweza kupandisha globulini.

"ANA yangu ni 1:40. Je, nina ugonjwa wa ini kujishambulia?" (Msomaji, Jinja)

Hili ni swali la saba la aina hii mwezi huu, na la saba lisilotaja ALT. Watu wenye afya kamili, karibu robo hadi theluthi yao, huweza kuwa na ANA ya 1:40. Bila vimeng'enya na bila globulini, sina cha kukujibu.

"Globulini yangu ni 52 lakini ALT ni 24. Bandama imevimba. Mimi ni mvuvi wa Ziwa Albert." (Msomaji, Hoima)

Tafuta kichocho kabla ya kutafuta kinga iliyopotoka. Kichocho cha utumbo hutia makovu kando ya mishipa inayoingia kwenye ini huku seli za ini zikibaki salama, ndiyo maana ALT huwa ya kawaida wakati bandama inakua na globulini inapanda. Omba kipimo cha choo na picha ya ultrasaundi. Ukithibitishwa, prazikwanteli hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kifua kikuu na VVU navyo vipimwe, na usikubali prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, kwa sababu ya globulini peke yake.

"Nilianza prednisoloni miligramu 40. Baada ya wiki tatu ALT imeshuka kutoka 410 hadi 88. Naweza kuacha? Mashavu yamevimba." (Msomaji wa kike, Kampala)

Hapana, dada yangu. ALT ndiyo hutangulia kushuka, IgG hufuata polepole, na uvimbe unaoonekana kwenye darubini huchelewa kuliko vyote viwili. Kinachopunguzwa ni dozi, hatua kwa hatua, huku azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ikiongezwa ili ibebe mzigo ambao prednisoloni inautua. Mashavu yatapungua pamoja na dozi. Kuacha ghafla kuna hatari mbili: ini kuwaka upya, na tezi zilizo juu ya figo kukutwa zimelala, mgonjwa akaanguka kwa shinikizo la damu lililoshuka. Mazungumzo ya kuacha kabisa huanza baada ya angalau miaka miwili ambayo ALT na IgG zote mbili zimekuwa za kawaida, na hata hapo zaidi ya nusu ya wanaoacha huugua tena.

Hukuuliza hili, lakini nalisema. Je, ulipimwa kingamwili za kiini cha hepataitisi B, au ile antijeni ya ganda la virusi peke yake, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida? Mtu aliyewahi kuambukizwa huweza kuonekana safi katika kipimo cha kawaida, kisha virusi vikaamka akiwa kwenye dawa hizi. Minyoo ya strongiloidi nayo husambaa mwilini chini ya prednisoloni na huweza kuua. Katika nchi yetu ni busara kumpa mgonjwa ivamektini kabla ya kuanza.

"Natumia azathioprini na nataka kupata mtoto. Niiache?" (Msomaji wa kike, Gulu)

Usiiache kwa uamuzi wako, kwa kuwa kwa kawaida huendelezwa katika ujauzito, na ugonjwa unaowaka humdhuru mama na mtoto zaidi ya dawa hiyo. Ingekuwa mikofenoleti, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ningejibu kinyume, kwa sababu hiyo hulemaza mimba na lazima ibadilishwe mapema. Panga kupimwa ALT na IgG mara kwa mara katika miezi sita baada ya kujifungua, maana huo ndio wakati ugonjwa hupenda kurudi, na mama mwenye mtoto mchanga hudhani uchovu wake ni wa kukosa usingizi.

"Shangazi amenipa mitishamba ya kusafisha ini nikiwa kwenye matibabu haya. Inafaa?" (Msomaji, Arua)

Haifai, kwa sababu ALT yako ikipanda mwezi ujao, hatutajua kama ni ugonjwa au ni kikombe cha shangazi.